"Too clean" ni sifa au lawama? Tusaidiane kwenye too, enough, so na such

#1 MamaGesti_Raskazone
Wakuu, habari za jioni. Tuna gesti ndogo ya familia hapa Raskazone, Tanga. Kijana wetu wa mapokezi aliandika maelezo ya Kiingereza tuyaweke mtandaoni, na wiki hiyohiyo mgeni mmoja akatuandikia akiuliza kama kuna tatizo na usafi wa vyumba, labda dawa kali au harufu. Maelezo yenyewe ni haya:

"Our rooms are too clean and the place is too quiet. We have a so beautiful garden and such nice view of the sea. The beds are enough big for two people. The price is not too much expensive."

Kijana anashikilia kwamba shuleni alifundishwa "too" ni mno, na vyumba vyetu kweli ni visafi mno. Mgeni anasema "too clean" ni lawama. Nani yuko sahihi? Na hayo mengine nayo yakoje? Nataka kuelewa, si kurekebishiwa tu, maana kesho ataandika tena.

#2 Ngamiani_Barabara12
Mama, "too" maana yake ni "pia". Kijana amekosea mahali pa kuiweka tu. Aipeleke mwisho: "Our rooms are clean too." Kwisha habari.

#3 Mtu_wa_Duga
Chumba bei gani kwa usiku? Kuna kiyoyozi au feni?

#4 Kalamu_Nyekundu
#2, hiyo ni "too" nyingine. Ukiiandika "Our rooms are clean too" msomaji atauliza: pamoja na nini kingine? Aliyoitumia kijana ni ile inayokaa mbele ya kivumishi.

Mimi nafundisha sekondari hapa Makorora. Kanuni ninayowapa vijana ni rahisi: "very" ni sana na hutumika kwa mazuri, "too" ni mno na hutumika kwa mabaya. Usafi ni jambo zuri, kwa hiyo aandike "very clean". Bei ni jambo baya, kwa hiyo "too expensive".

#5 BahariShwari_Tongoni
Mwalimu #4, shikamoo. Jibu lako la "very clean" ni sahihi kabisa, ila kanuni iliyokufikisha hapo itawaangusha wanafunzi mbele ya safari.

"Too" haiangalii uzuri wala ubaya. Inaangalia mpaka. Unaposema "too", umeshaweka mpaka kichwani na unasema kitu kimeuvuka, na kwa kuuvuka kuna jambo limeharibika au haliwezekani. Chukua "big". Chumba kikubwa si kibaya. Lakini mtu mmoja anayelipia chumba cha watu wanne anaweza kusema "The room is too big for me", na hapo hakitukani chumba, anasema hakimfai yeye. Chumba hichohicho, usiku huohuo, kwa familia ya watu watano ni "too small". Kilichobadilika ni mpaka, chumba ni kilekile.

Ndiyo maana mgeni wa Mama Gesti aliuliza kuhusu dawa. Aliposoma "too clean", akili yake ilikwenda kutafuta kilichoharibika. Maneno hayakumwambia ni kitu gani, akakisia mwenyewe.

Kipimo ninachotumia mimi ninapohariri: baada ya "too" na kivumishi chake, ongeza kimoyomoyo "hata haifai" au "hata haiwezekani". Pametulia hata hapafai? Kama si hivyo ulivyokusudia, toa "too" weka "very".

#6 Kalamu_Nyekundu
Marahaba. Hilo la mpaka nimelipokea. Lakini bado "mno" si ndiyo hiyohiyo kuvuka mpaka?

#7 BahariShwari_Tongoni
Hapo ndipo kijana wa mapokezi alipoponzwa, wala hana kosa. Sikiliza watu wanavyosema hapa kwetu. "Nakupenda mno." Nani amevuka mpaka? "Nimefurahi mno kukuona." Kuna kilichoharibika? Huyu anasema sana, tena kwa moyo. Halafu jikoni mtu anaonja mchuzi anasema "chumvi mno", na hapo kweli imezidi. Neno moja linafanya kazi zote mbili na sisi tunajua ipi ni ipi kwa mazingira. Kiingereza kimezigawa. Sasa mtoto akiambiwa "too ni mno", anaibeba "mno" nzima na kuiingiza yote ndani ya "too".

Mimi darasani ningefundisha "too" kwa "kupita kiasi" au "kuzidi". Hakuna mtu atakayekwambia anakupenda kwa kuzidi akitarajia umshukuru.

#8 Pwani_Halisi
Napinga. Mno kwa asili yake ni kupita kiasi. Marehemu bibi yangu wa Mabokweni hakuwahi kusema "nakupenda mno", alisema "sana". Akisema mno, ujue kuna jambo. Vijana wameichakaza ikawa sawa na sana, na leo tunakisingizia Kiswahili. Mwalimu hakukosea kufundisha too ni mno. Kilichopotea ni mno yenyewe.

#9 BintiKisosora
@Pwani_Halisi, bibi yangu mimi wa Pangani kila akipokea zawadi anasema "ahsante mno mwanangu". Tuwakutanishe? 😀

#10 Pwani_Halisi
Wangu ametangulia mbele ya haki, mwachie apumzike.

#11 BintiKisosora
Samahani sana kaka, Mungu amrehemu.

#12 Mzungushaji_Amboni
Mimi natembeza wageni Amboni, nimewahi kufanya kazi hiyo Arusha pia. Nyie mnahangaika bure. Afrika Mashariki nzima watu wanasema "I am too happy", "the food is too good", na wageni wanaelewa. Wahindi wenye maduka mjini nao nimewasikia wakisema "too good" kwa kusifia. Kiingereza kina wenyewe wengi siku hizi, hii ni namna yetu. Isitoshe Waingereza wenyewe wanasema "You are too kind". Hapo nani amelaumiwa kwa wema?

#13 BahariShwari_Tongoni
Hoja yako ni nzito, tuigawe.

"You are too kind" bado ina mpaka ndani yake: umenitendea wema kuliko ninavyostahili. Mpaka ni stahili yangu, na msemaji anajishusha kwa adabu. Ndiyo maana inaleta shukrani. Usafi wa chumba hauna stahili ya namna hiyo.

Halafu kuna kukanusha. "Not too far", "not too bad". Hapo makali yanalegea, inakuwa karibu na "si mbali sana". Kwa hiyo ule mstari wa mwisho wa kijana ulikaribia kuwa sahihi: "not too expensive" inakubalika. Kilichouharibu ni "much".

Kuhusu namna yetu ya Afrika Mashariki, sikatai kwamba ipo, na kwenye mazungumzo ana kwa ana haina shida kwa sababu mgeni anauona uso wako. Tangazo halina uso. Msomaji yuko mbali na amebaki na maneno peke yake.

#14 Mzungushaji_Amboni
Na "I am only too happy to help" je? Hiyo nimeandikiwa na Mwingereza mwenyewe kwenye barua pepe. Hakuna mpaka, hakuna kilichoharibika, na hajajishusha.

#15 BahariShwari_Tongoni
Hiyo siwezi kuifunga kwenye kanuni ya mpaka. Inamaanisha nipo tayari kabisa kukusaidia. Naichukulia kama msemo uliokwisha kuganda, "only too" kwa pamoja, na siijengei sentensi nyingine juu yake.

#16 Mzungushaji_Amboni
Basi nami naruhusiwa kuwa na msemo wangu uliokwisha kuganda 😀

#17 Fundi_Mikanjuni
Hiyo "too much expensive" tuelezeni. Mimi hapa karakana kila mteja mgeni namsikia akisema "too much", na sisi tunamjibu hivyohivyo.

#18 Kalamu_Nyekundu
Hii naimudu. "Too much" inataka jina la kitu kisichohesabika, na "too many" inataka vinavyohesabika. "Too much oil", "too many cars". Mbele ya kivumishi "too" inasimama peke yake: "too expensive". Mteja akikwambia "That's too much" na kunyamaza, anazungumzia kiasi cha pesa, hakuna kivumishi hapo, kwa hiyo yuko sawa. Wewe ukamjibu "not too much expensive" ukaongeza kivumishi kwenye kitu kilichokuwa kimeshajitosheleza.

Ila iko "much too expensive", ukigeuza, na hiyo ni sahihi: ghali kupita kiasi kwa mbali. Wanafunzi wakiiona kwenye kitabu wanadhani chapa imekosewa.

#19 Bandari_Siku_Zote
Naomba kuingiza kisa changu. Nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini. Niliandika kwenye ripoti: "The crate is too heavy to lift it by hand." Bosi ambaye ni mgeni akaifuta "it" na kalamu, hakueleza kitu. Nimekaa na hilo jambo muda mrefu. Kama nalinyanyua kasha, kwa nini nisiseme "it"?

#20 BahariShwari_Tongoni
Ahsante kwa mfano huu. Hili kosa linatutambulisha sisi kuliko lile la "too clean".

Sema sentensi yako kwa Kiswahili: "Kasha hili ni zito mno kulinyanyua kwa mikono." Umeisikia "-li-" ndani ya "kulinyanyua"? Hiyo ndiyo inayolirejelea kasha, na sisi ukiitoa sikio linaona pengo. Kwa hiyo ulipoandika Kiingereza, "-li-" yako ilitafuta mahali pa kukaa, ikawa "it".

Kiingereza kwenye muundo huu kinafanya kinyume. "The crate" iliyosimama mwanzo inafanya kazi mbili: ndiyo nzito, na ndiyo inayonyanyuliwa. Baada ya "to lift" panaachwa tupu kwa makusudi, na msomaji anapajaza kwa kurudi mwanzo. Ukiweka "it" umejaza mahali palipokwisha kujazwa. Vivyo hivyo "The tea is too hot to drink", "The box is light enough to carry". "Enough" nayo inafuata utaratibu huohuo.

Sasa angalia inavyogeuka ukitumia "so": "The crate is so heavy that we cannot lift it." Hapa "it" ni lazima, ukiiacha ni kosa. Sababu ni kwamba baada ya "that" imeanza sentensi nyingine kamili, yenye "we" yake na kitendo chake, na haiwezi kuazima kasha kutoka upande wa pili. Ukiona "to", acha wazi. Ukiona "that" na mtendaji mpya, rudisha "it".

#21 Bandari_Siku_Zote
Leo nitalala nikiwa nimeelewa. Shukrani.

#22 BintiKisosora
Kumbe! Na wale wanaoandika "It was too hot that I could not sleep"? Hata mimi ningeandika hivyo bila wasiwasi.

#23 Kalamu_Nyekundu
Hilo ni kosa ninalokutana nalo kila ninaposahihisha. "Too" haina uhusiano na "that". Ni "too hot to sleep" au "so hot that I could not sleep". Na chanzo ninakijua: ni mitihani. Miaka nenda rudi watoto wanaulizwa, andika upya kwa kutumia "so... that", andika upya kwa kutumia "too... to". Wanazigeuza hizi mbili mara nyingi hadi kichwani zinakuwa kitu kimoja, kisha wanachukua mguu wa huku na mkono wa kule.

#24 BahariShwari_Tongoni
Mwalimu, mitihani inachangia, lakini hata fundi ambaye hakuufanya mtihani huo anasema vilevile. Mimi naona chanzo ni "kiasi kwamba". Kiswahili kinasema "kulikuwa na joto mno kiasi kwamba sikulala" na pia "kulikuwa na joto sana kiasi kwamba sikulala". Mkia ni mmoja kwa vichwa vyote viwili. Ukishaamini kwamba "mno" ni "too" na "kiasi kwamba" ni "that", "too hot that" inajitengeneza yenyewe.

#25 Kalamu_Nyekundu
Sikubali moja kwa moja. Wapo pia wanaoandika "He was too tired not to walk" wakimaanisha hakuweza kutembea. Hiyo haitoki kwenye "kiasi kwamba". Inatoka kwenye zoezi la kugeuza, ambapo upande wa "so" una "could not", wanaona "not" ikipotea, wanairudisha. Kumbe "too" imeshabeba kukataa ndani yake. Ukiongeza "not" umeipindua maana, inasomeka kama alichoka hadi hakuwa na budi kutembea.

#26 Ngamiani_Barabara12
Huu uzi umekuwa darasa. Nilikuja na "pia" yangu, nabaki kusoma.

#27 Pangani_Kwetu
Niongezee la "enough", maana lilitugharimu. Nilikuwa kwenye nyumba moja ya wageni ufukweni upande wa Pangani. Kiongozi wa kundi aliandika: "Do you have enough big rooms?" Dada wa mapokezi akajibu kwa uaminifu kabisa: "Yes, our rooms are big enough." Wakaja familia sita, kila moja ikitaka chumba kikubwa. Vikubwa tulikuwa navyo viwili. Usiku ule tulizunguka kwa majirani kutafuta vyumba, na kiongozi wao alikuwa akionyesha simu akisema "lakini mlisema ndiyo".

Mpaka leo wenzangu wanasema mgeni aliuliza vibaya. Ni kweli?

#28 Kalamu_Nyekundu
Mgeni aliuliza vizuri. "Enough" hutangulia jina na hufuata kivumishi. Hapo imetangulia, kwa hiyo inahesabu vyumba.

#29 BahariShwari_Tongoni
Ndivyo. Katika "enough big rooms", "enough" imekaa mbele ya fungu zima la "big rooms". Inauliza: vyumba vikubwa mnavyo vya kututosha? Ni swali la idadi. Katika "big enough rooms", "enough" imeshikamana na "big" peke yake. Inauliza: ukubwa wa kila chumba unatosha? Dada alijibu swali la ukubwa ilhali ameulizwa idadi.

Na tusimlaumu, kwa sababu Kiswahili chake kilimficha. Tafsiri maswali yote mawili utapata "vyumba vikubwa vya kutosha". Ile "vya" inakubaliana na vyumba, na haisemi kama kinachotosha ni wingi au ukubwa. Kwetu tunamalizia kwa kuulizana: vingapi? Kwenye barua pepe hakuna aliyeuliza.

Ningekuwa mapokezi ningejibu kwa namba: tuna vyumba viwili vya familia na vingine vya watu wawili. Namba haina utata.

Hapohapo mnaona na la kijana wa Raskazone. "Enough big for two people" inatakiwa iwe "big enough for two people", kwa sababu hapo hakuna jina linalofuata, kuna kivumishi tu. Na wale wanaosema "we have water enough" wanafuata "maji ya kutosha" neno kwa neno. Utaikuta kwenye maandishi ya zamani, ila kwa leo andika "enough water".

#30 Mtu_wa_Duga
Bei ya chumba jamani, nauliza kwa nia njema. Nina wageni kutoka Korogwe wikendi.

#31 MamaGesti_Raskazone
@Mtu_wa_Duga nimekuandikia pembeni kaka.

Wengine nawashukuru. Bado "a so beautiful garden" na "such nice view". Kijana amekaa hapa pembeni yangu anasoma.

#32 BintiKisosora
Hii nilifundishwa hivi: "so" na kivumishi peke yake, "such" kikifuatwa na jina. "The garden is so beautiful." "Such a beautiful garden." Kijana amechanganya, ameweka "so" palipo na jina.

#33 Kalamu_Nyekundu
Safi, Binti. Na "such nice view" imepungukiwa na "a", kwa kuwa "view" inahesabika na ni moja: "such a nice view". Lakini wasiizoee hiyo "a" kila mahali. "Weather" na "advice" hazihesabiki, kwa hiyo "such nice weather", "such good advice". Wingi nao hautaki "a": "such nice beaches". Nasahihisha "such a good advice" mpaka kalamu inaisha wino.

#34 Fundi_Mikanjuni
Mbona watu wanasema "so many people" na "so much money"? People si jina? Money si jina? Kanuni ya Binti imevunjika.

#35 BintiKisosora
Mh. Hapo nasubiri wakubwa.

#36 BahariShwari_Tongoni
Haijavunjika, Fundi, ina mlango wa pembeni. Maneno ya kiasi, "many", "much", "few" na "little" ya uchache, yanachukua "so" hata jina likifuata. Sababu ni kwamba "so" inaikazia ile "many", inasema wingi wenyewe ni mkubwa kiasi gani. Ndiyo maana "such many people" inakataa kabisa. Ila ukisema "a lot of", unarudi kwa "such": "such a lot of people".

Upo na mlango wa pili, wa watu wa maandishi rasmi: "so beautiful a garden", "too small a boat". Kivumishi kinaruka mbele ya "a". Kijana aliiweka "a" mwanzo, "a so beautiful garden", na huko haikai. Simshauri aitumie kwenye tangazo, itasikika kama hotuba. Nimeitaja ili akikutana nayo asidhani ni kosa.

Jambo moja ambalo vitabu vya shule havilisemi sana. "So" na "such" zinamtegemea msikilizaji awe ameona unachokiona, au zinangoja "that" ije kueleza matokeo. Rafiki yako akisimama bustanini akasema "Such a beautiful garden!" inapendeza kwa sababu mpo wote wawili. Mgeni aliye mbali akisoma "We have such a nice view" anabaki akingoja: nzuri hata kikatokea nini? Kwenye tangazo "a very nice view" inatosha, na bora zaidi aseme kinachoonekana, mashua zikitoka asubuhi au kisiwa cha Toten kule ng'ambo.

#37 Mzungushaji_Amboni
Hapo nakuunga mkono. Mgeni anataka kujua anaona nini.

Basi nijaribu na mimi kumwandikia Mama: "Our rooms are clean enough and the place is quiet enough. From the garden you can see Toten Island."

#38 Kalamu_Nyekundu
Kisarufi haina dosari. Mwekee tiki.

#39 BahariShwari_Tongoni
Kisarufi haina dosari na mgeni hatakuja. "Enough" nayo ni ya mpaka, kama "too", ila inasema umeufikia tu. "Clean enough" kwa masikio ya wengi ni safi ya kuvumilika, hakuna cha kulalamikia lakini usitarajie makubwa. Inafaa pale unapotaja shughuli: "quiet enough to work", patulivu kiasi cha kufanyia kazi. Hapo mpaka unajulikana na kuufikia ni habari njema. Bila shughuli, inashusha.

#40 Mzungushaji_Amboni
Hiyo sijawahi kuisikia. Wageni wangu husema "good enough" wakitabasamu.

#41 BahariShwari_Tongoni
Waulize walichomaanisha.

#42 MamaGesti_Raskazone
Kijana ameandika upya mwenyewe, hatujamsaidia:

"Our rooms are very clean and the place is quiet enough to work or read. From the garden you can see the sea and Toten Island. The beds are big enough for two people. Our prices are not too high."

#43 Kalamu_Nyekundu
Hongera kijana. Vizuri alivyoacha "expensive" akaweka "high" kwa bei. Kitu huwa ghali, bei huwa juu.

#44 Pwani_Halisi
Imekaa vizuri. Ila "not too high" bado inanifanya nidhani ni juu kidogo.

#45 Bandari_Siku_Zote
@BahariShwari nirudi nyuma kidogo. Kuna mdogo wangu wa kidato cha pili ameandika: "The load was too heavy for him to carry it." Mwalimu wake amekata. Kwa maelezo yako ya #20 ni haki kukata. Lakini nimeiona sentensi ya namna hiyo kwenye gazeti la Kiingereza, tena si la hapa.

#46 Kalamu_Nyekundu
Na mimi ningekata. "The load" imeshajaza pale mwisho. Kuongeza "for him" hakubadilishi kitu.

#47 BahariShwari_Tongoni
Kunabadilisha kidogo, mwalimu. "For him" inapoingia, upande wa pili unapata mtendaji wake, unaanza kufanana na sentensi inayojitegemea kama ile ya "that". Ndiyo maana wapo wenye lugha yao wanaoiacha "it" pale na hawasikii ubaya, na wapo wanaoitoa. Bila "for him" karibu wote wanaitoa. Mimi mtoto ningemwambia aitoe ili awe salama, lakini alama nisingemnyima.

#48 Kalamu_Nyekundu
Mwongozo wa kusahihisha ukiwa hauna "it", nikimpa alama huyu nitamwambia nini mwenzake aliyeandika "too heavy to lift it"? Atasema na yake ni hiyohiyo.

#49 BintiKisosora
Mwambie wa kwanza ana "for him", wa pili hana.

#50 Kalamu_Nyekundu
Kidato cha pili, wanafunzi sitini darasani, nieleze hilo?

#51 BahariShwari_Tongoni
Mimi ningelieleza. Nianzie kwenye "kulinyanyua" na ile "-li-", hiyo wataisikia wote.